Krediti 1,000 kwa picha kumi na moja: uchambuzi wa gharama za picha za mtandaoni katika biashara moja ya Busia

Kisa hiki kinahusu biashara ndogo ya karanga za kusaga, asali na pilipili ya chupa iliyopo Busia, upande wa Uganda, ambayo mimi huiandikia vitabu vya hesabu kila mwisho wa mwezi. Mwenye biashara ni mama mmoja anayefanya kazi na wasaidizi wawili, na wateja wake wako pande zote mbili za mpaka. Wengi huona bidhaa kwenye hali yake ya WhatsApp kabla ya kuagiza, na kwa hiyo picha kwake ni sehemu ya duka. Kwa ajili ya picha zote za mwezi alikuwa ametenga shilingi 60,000, na hakuwa na nafasi ya kuongeza, kwa sababu bei ya karanga mbichi ilikuwa imepanda na chupa za kioo hulipwa taslimu.

Mwanzoni mwa Juni 2025 alijisajili kwenye huduma moja ya mtandaoni inayotengeneza picha kutokana na maelezo ya maneno. Huduma hiyo sitaitaja, kwa kuwa utaratibu wake unafanana na wa nyingine nyingi. Bei iliyotangazwa ilikuwa dola 12 kwa mwezi, na kwa malipo hayo mteja hupewa krediti 600, ambazo tangazo lilizitafsiri kuwa ni picha 150. Ukigawa shilingi 60,000 kwa picha 150 unapata shilingi 400 kwa picha. Mpiga picha wa mjini alikuwa amemtoza shilingi 50,000 kwa picha kumi za chupa zake, yaani shilingi 5,000 kila moja. Mtu yeyote anayejua kupiga hesabu angefanya uamuzi alioufanya yeye.

Mwisho wa Juni aliniletea taarifa ya kadi yake. Huduma ile na ada ya kadi zilikuwa zimemkata shilingi 107,700, na picha alizozitumia kweli, zile zilizofika machoni pa wateja, zilikuwa kumi na moja.

"Mwanangu," aliniambia, "hizi pesa zingine zilikuwa za chupa. Nani amezichukua?"

Hakuna mtu aliyeziiba. Kila shilingi ilikatwa kwa masharti aliyoyakubali kwa kubonyeza, na kazi yangu ikawa kufuatilia mahali ilipokwenda.

Nilianza na bei yenyewe, kwa sababu dola 12 si dola 12 zinapofika Busia. Kwenye ankara kulikuwa na kodi ya ongezeko la thamani ya 18%, ambayo tangazo halikuitaja, na biashara yake haijasajiliwa kwa kodi hiyo, kwa hiyo hawezi kuidai irudishwe. Kwake ni gharama kamili. Kiasi kikawa dola 14.16. Kadi aliyolipia ni kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na pochi ya simu, nayo ilibadilisha kila dola kwa shilingi 3,750. Ukiunganisha kodi na kiwango hicho, kila dola iliyoandikwa kwenye tangazo ilimgharimu shilingi 4,425. Nimeiandika namba hiyo kwa wino mwekundu kwenye daftari lake, kwa kuwa ndiyo anayopaswa kuzidishia bei yoyote ya dola anayoiona mtandaoni. Malipo ya mwezi yakawa shilingi 53,100, na kuweka pesa kwenye kadi kulikuwa na ada ya shilingi 1,500, jumla shilingi 54,600. Hapo bado alikuwa ndani ya bajeti yake.

Ugumu ulianzia kwenye neno "picha". Krediti nne kwa picha ni bei ya picha moja ya ubora wa kawaida, lakini ukurasa wa huduma ile, ukiufungua bila kugusa chochote, umepangwa kutoa picha nne kwa pamoja kila unapobonyeza kitufe cha kutengeneza. Kubonyeza mara moja kulikuwa krediti 16. Akichagua ubora wa juu, kila picha ikawa krediti 10 na kila kubonyeza krediti 40. Kukuza picha kulikuwa krediti 8, na kuondoa mandhari ya nyuma krediti 5. Kwa ubora wa kawaida, krediti 600 zinatosha kubonyeza mara 37. Kwa ubora wa juu zinatosha mara 15 tu. Tangazo halikusema uongo, kwani picha 150 hakika zinaweza kutoka kwenye krediti 600. Lakini mwenye biashara hahitaji picha zinazotoka. Anahitaji picha anazoweza kuzitumia, na kati ya idadi hizo mbili kuna pengo kubwa ambalo hakuna tangazo linaloweza kumpimia, kwa kuwa linategemea anachokiomba na jinsi anavyokiomba.

Krediti 600 ziliisha siku ya tisa. Katika ukurasa wa mipangilio kulikuwa na kisanduku cha kujaza salio kiotomatiki, na alikuwa amekiweka alama siku ya kujisajili, akidhani ni ukumbusho. Salio lilipokosekana mfumo ulinunua krediti 200 kwa dola 6, na zilipoisha ukanunua nyingine 200. Kila ununuzi ulikuwa shilingi 26,550. Tazama pia bei: katika malipo ya mwezi krediti moja ni senti mbili za dola, katika nyongeza ni senti tatu. Anayeishiwa hulipa nusu zaidi, tena kwa wakati ambao hayuko kwenye simu kulinganisha chochote. Pesa zilizotumika zilikuwa kwenye kadi hiyohiyo kwa ajili ya muuzaji wa chupa.

Baada ya hapo tulifungua historia ya akaunti, ambayo huduma nyingi za namna hii huitunza, na tukaipitia mstari kwa mstari jioni mbili. Ningemshauri yeyote aliye katika hali hii aanzie hapo kabla ya kulalamika au kuhama, kwa sababu historia huonyesha muda, maelezo yaliyotumwa, ubora na krediti zilizokatwa, na ukiisoma kwa utulivu inakwambia kosa liko wapi. Kwa mwezi mzima alikuwa amebonyeza mara 33, zikatoka picha 132. Krediti 112 zilikuwa za kukuza picha na kuondoa mandhari. Zilizobaki 888 niliziweka katika mafungu matatu kwa kumuuliza, kwa kila mstari, alikuwa anatafuta nini.

Fungu kubwa kuliko yote lilikuwa la herufi. Alitaka jina la bidhaa lionekane kwenye lebo ya chupa ndani ya picha. Mifumo hii huchora herufi kama inavyochora majani au mawingu, na ingawa ile mipya imeboreka sana, maneno ya Kiswahili bado huharibika mara kwa mara: "KARANGA" ikawa "KARNAGA", mara "SAFI" ikapata S mbili. Kila alipoona kosa alibonyeza tena, akiamini mara inayofuata itakuwa sawa, kwa kuwa picha yenyewe ilikuwa nzuri na kosa lilikuwa dogo. Hiki ndicho kishawishi kibaya zaidi, maana picha iliyokaribia kukamilika humfanya mtu aone hasara kuiacha. Lakini mfumo haurekebishi herufi moja na kuacha mengine. Ukibonyeza upya unapata picha mpya kabisa, na bahati ya herufi inaanza tena sifuri. Alibonyeza mara 14 kwa sababu hiyo, tisa kati ya hizo kwa ubora wa juu, na zikaenda krediti 440. Kwa wastani wa mwezi ule, ambapo krediti moja ilimgharimu shilingi 107 na kitu, herufi zilikula zaidi ya shilingi 47,000. Huko ndiko karibu nusu ya pesa zake zilikokwenda, kwa jambo ambalo programu yoyote ya bure ya kuandika juu ya picha kwenye simu hulifanya kwa dakika moja na bila kukosea.

Kuna hatari nyingine kwenye lebo zinazochorwa na mfumo, na naitaja ingawa si ya gharama moja kwa moja. Katika picha mbili, mfumo ulijiongezea muhuri wa duara unaofanana na alama ya ubora. Chakula kinachouzwa Uganda kikibeba alama ya shirika la taifa la viwango, UNBS, alama hiyo lazima iwe imetolewa kwa bidhaa hiyo. Kutangaza chupa yenye muhuri ambao hakuna aliyekupa ni kosa zito hata kama hukuuchora wewe. Picha zote mbili tulizifuta.

Fungu la pili lilinishangaza mwenyewe, nalo ni la mtandao wa simu. Anayeishi Busia anajua jinsi simu inavyoshika minara ya upande wa pili na kuachia, na jinsi data inavyokatika katikati ya jambo. Mara nne alibonyeza, ukurasa ukaganda, akaona hakuna kilichotokea, akabonyeza tena. Lakini picha haitengenezwi kwenye simu. Ombi likishafika kwenye seva, kazi inaendelea huko na krediti zinakatwa, iwe simu yako iko hewani au imezimika. Kwenye historia maombi hayo yalikuwa wazi: mistari miwili yenye maelezo yaleyale herufi kwa herufi, ikipishana kwa dakika moja au mbili, na picha za ombi la kwanza zikiwa zimekamilika bila yeye kuziona. Krediti 112 zilikwenda hivyo. Dawa yake ni rahisi: ukurasa ukiganda, funga, subiri dakika tatu, ufungue historia kwanza. Ikiwa ombi lako lipo, picha zako zipo.

Mara 15 zilizobaki, krediti 336, ndizo zilizokuwa kazi halisi ya kutafuta picha. Yaani kati ya krediti 1,000 zilizolipiwa, karibu theluthi moja tu ndiyo ilinunua kile alichokikusudia.

Kuhusu ubora wa juu na kukuza picha, nilimwomba twende kwa vipimo badala ya macho. Picha ya kawaida ya huduma ile ilikuwa na pikseli 1,024 kwa 1,024. WhatsApp huipunguza picha inapoituma, na simu ya mteja wake wa kawaida ina skrini yenye upana wa pikseli 720 au 1,080, kwa hiyo picha ya hali haihitaji zaidi ya hapo. Kwa kuchapa, wachapaji wa Barabara ya Nasser mjini Kampala, ambako stika zake hutengenezwa, hutaka nukta 300 kwa inchi. Stika ya sentimita 8 ni inchi 3.15, na mara 300 ni pikseli 945. Picha ya kawaida inatosha hata kwa stika. Kitu pekee kilichohitaji kukuzwa ni bango la upana wa mita moja la kuweka mbele ya duka, ambalo hata kwa nukta 100 tu kwa inchi linahitaji pikseli zipatazo 3,900. Alikuwa amekuza picha tisa. Zilizochapwa kwa ukubwa huo zilikuwa mbili. Ni lazima niongeze kwamba ubora wa juu katika huduma hizi si suala la pikseli peke yake, kwani mara nyingi huleta mwanga bora na vitu vidogo vilivyochorwa kwa makini zaidi. Lakini tofauti hiyo inastahili kulipiwa kwa picha ya mwisho iliyokwisha kuchaguliwa. Alikuwa akiilipia kwenye kila jaribio, pamoja na picha tatu za ziada asizozihitaji.

Julai ndio mwezi ulionifundisha zaidi. Mama huyu aliogopa. Alizima ule ununuzi wa kiotomatiki, akapunguza picha kutoka nne hadi moja kila anapobonyeza, akaacha kuomba herufi, akafanya majaribio yote kwa ubora wa kawaida. Alitumia krediti 140 na kupata picha nne nzuri. Kwa matumizi, hayo yalikuwa mafanikio makubwa: Juni kila picha iliyotumika ilikula krediti 91, Julai ilikula 35. Lakini malipo ya mwezi yalikuwa yaleyale, shilingi 54,600, na krediti 460 zilizobaki zilifutika tarehe ya kuanza mwezi mpya, kwa kuwa masharti hayaruhusu kuzisogeza mbele. Picha moja ikamgharimu shilingi 13,650. Juni, katika fujo yake yote, kila picha ilikuwa karibu shilingi 9,800. Alipojifunza kubana matumizi, gharama ya kila picha ilipanda.

Hapo ndipo niliposhawishika kwamba tatizo halikuwa nidhamu yake tena, bali umbo la malipo. Malipo ya mwezi yenye krediti zinazokufa humfaa mtu ambaye mahitaji yake hayabadiliki na yako karibu na kikomo. Nilipiga hesabu ya mahali ambapo yangemfaa yeye. Kwa mazoea yake mapya, majaribio sita ya picha moja moja kwa krediti nne hutoa picha moja inayokubalika, yaani krediti 24. Krediti 600 zingempa picha 25 kwa mwezi, kila moja karibu shilingi 2,200, na hiyo ni nafuu kwelikweli ukilinganisha na mpiga picha. Lakini bidhaa zake ni tatu, na wateja wake hawatazami zaidi ya picha mbili au tatu mpya kwa wiki. Mahitaji yake ni picha kumi hivi kwa mwezi wa kawaida. Kwa picha kumi, malipo yale yanakuwa shilingi 5,460 kila moja, zaidi ya mpiga picha, ambaye angalau hupiga chupa yenyewe.

Tulitafuta basi namna ya kulipa kwa kila picha. Kwa wasiozoea, huduma hizi hupima kwa njia tofauti na ni vigumu kuzilinganisha kwa kutazama bei tu. Baadhi huuza krediti, kama hiyo ya kwanza. Midjourney, katika mpango wake wa dola 10 kwa mwezi, imekuwa ikiuza muda wa mashine, saa 3.3 za mwendo wa haraka, ambazo nazo hazisogezwi mwezi unaofuata. Nyingine hutoza picha kwa picha kupitia mlango wa waundaji programu. OpenAI iliutoa mfumo wa `gpt-image-1` kwa njia hiyo Aprili 2025, na orodha yake ya bei ilionyesha kuwa picha ya mraba iligharimu takriban senti 1.1 za dola kwa ubora wa chini, senti 4.2 kwa ubora wa kati na senti 16.7 kwa ubora wa juu. Ukizidisha kwa namba yetu nyekundu unapata karibu shilingi 49, 186 na 739. Mfumo ni uleule na ukubwa ni uleule, lakini bei ya juu ni mara 15 ya bei ya chini. Katika namna hii ya malipo hakuna kinachoamua gharama zaidi ya neno moja la ubora, na ukilisahau, unaliachia mfumo ukuchagulie.

Kikwazo ni kwamba mlango huo hauna ukurasa mzuri wa kubonyeza. Unahitaji mtu anayeweza kutuma ombi kwa maandishi. Kwa bahati, mtoto wa dada yake anasomea kompyuta katika chuo kimoja huko Tororo, na alimwandalia programu fupi kwa malipo ya shilingi 20,000. Kiini cha ombi lenyewe ni hiki:

```
curl https://api.openai.com/v1/images/generations \
  -H "Authorization: Bearer $OPENAI_API_KEY" \
  -H "Content-Type: application/json" \
  -d '{"model": "gpt-image-1",
       "prompt": "meza ya mbao, karanga zilizomenywa, mwanga wa asubuhi, bila chupa, bila maandishi",
       "size": "1024x1024", "quality": "low", "n": 1}'
```

Mstari wa mwisho ndio unaolinda bajeti. `n` ni idadi ya picha kwa ombi moja, na `quality` ndiyo ile tofauti ya mara 15. Kijana aliiandaa programu ili ianze daima na `low` na moja, na imlazimu mtumiaji kuandika mwenyewe akitaka zaidi. Ufunguo unaotajwa kwenye mstari wa pili ni sawa na namba ya siri ya pochi: yeyote aliye nao anatumia salio lako, na ankara inakuja kwako. Kijana alitaka kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la familia ili usipotee, nikamzuia. Salio hulipiwa kabla, kiwango cha chini kikiwa dola 5, na hudumu mwaka mmoja tangu siku ya kununuliwa bila kurudishwa. Kujaza kiotomatiki tulikuzima siku hiyohiyo, tukathibitisha kwa kurudi kwenye ukurasa na kukiangalia tena.

Jambo la pili tulilobadilisha halikuhusu huduma yoyote. Chupa zake tatu zilipigwa picha kwa simu, dirishani, asubuhi, na mandhari yake yakaondolewa mara moja kwa kila bidhaa, badala ya kila picha. Tangu hapo mfumo haukuombwa kuchora chupa wala lebo. Uliombwa meza, karanga, mzinga wa nyuki, pilipili zikianikwa, na chupa halisi ikawekwa juu yake kwa programu ya bure ya simu, pamoja na bei na jina vilivyoandikwa kwa mkono wa mtu. Mteja anaiona chupa atakayoikuta dukani. Naamini huu ndio uamuzi uliookoa pesa nyingi kuliko hata kubadilisha namna ya malipo, kwa sababu uliondoa chanzo cha mabonyezo 14 kati ya 33, na nisingependa msomaji aone zile bei za senti akasahau hilo.

Agosti alitengeneza picha 50 za ubora wa chini, akachagua mielekeo iliyomfaa, akaiomba upya mara 14 kwa ubora wa kati, na mara mbili kwa ubora wa juu kwa ajili ya stika. Lazima nieleze kwamba kuomba upya hakuleti picha ileile ikiwa imesafishwa; huleta nyingine inayofanana nayo kwa maelezo, na ndiyo maana picha 14 za ubora wa kati zilizaa tisa za kutumika. Matumizi yote, pamoja na kiasi kidogo kinachotozwa kwa maneno ya maelezo, yalikuwa kama dola moja na nusu kabla ya kodi. Nikiweka 18% na kiwango kilekile cha kadi, ni shilingi zipatazo 6,600, na kila picha iliyotumika karibu shilingi 740.

Namba hiyo ni nzuri kupita kiasi, na sikumwachia aiamini peke yake. Pesa zilizotoka mfukoni mwezi huo zilikuwa shilingi 22,125 za salio, 1,500 za ada ya kadi na 20,000 za kijana, jumla 43,625. Ukizigawa kwa picha tisa ni karibu shilingi 4,850, chini kidogo tu ya mpiga picha. Faida halisi itaonekana katika miezi inayofuata, salio lililobaki la dola tatu na nusu likiendelea kutumika na kijana akiwa hahitaji kulipwa tena. Na asiye na mtu wa kumwandalia programu angepaswa kuongeza gharama ya kumtafuta, ambayo kwa picha kumi za mwezi inaweza kuimeza nafuu yote. Mtu wa namna hiyo ningemshauri akae na huduma ya krediti, lakini anunue mwezi mmoja mmoja anapouhitaji.

Kadi nayo tuliitenganisha. Pesa za picha sasa ziko kwenye kadi yake peke yake, na haiwekwi zaidi ya kiasi cha mwezi. Huduma ikijaribu kukata zaidi, malipo yanakataliwa, na kukataliwa huko ni kikomo imara kuliko kisanduku chochote cha mipangilio, kwa kuwa kiko mkononi mwake. Za chupa za kioo zilirudi kwenye pochi ya kawaida.

Limebaki suala la Desemba. Kuelekea sikukuu huuza vikapu vya zawadi, na hapo mahitaji yake hupanda hadi picha 25 au 30 pamoja na mabango. Hicho ndicho kiwango ambacho krediti 600 zinaanza kumlipa, hasa kwa kuwa kukuza picha kumo ndani ya huduma ile. Tumekubaliana ajisajili tena mwezi mmoja, siku ileile ya wiki ya kwanza ya Desemba atakayokuwa na orodha ya picha zote kwenye karatasi, na aghairi usajili jioni hiyohiyo. Masharti yanasema akighairi hupoteza mwezi unaofuata, wala si ule aliokwisha kuulipia, kwa hiyo krediti zake zitabaki hai hadi mwanzo wa Januari. Tarehe ya kughairi nimeiandika kwenye kalenda ya ukutani dukani, karibu na tarehe ya kulipa kodi ya pango.